Kipimajoto Kiwekwe Ndani ya Sufuria

Nina neno ambalo limenikaa rohoni tangu Siku ya Sayansi ya Julai 2024. Wengi wenu mlikuwapo uwanjani na mliniona nimesimama kando ya jiko letu la jua nikiwahutubia waamuzi na wazazi kwa sauti kama ya mnadani. Mlipiga makofi. Leo nataka kusema kwamba makofi yale hayakutustahili, na kwamba mtu yeyote atakayesimama pale na jiko la jua mwaka ujao hana budi kuhutubia kwa njia nyingine kabisa.

Kwanza niwakumbushe jiko lenyewe. Tulichukua maboksi mawili ya katoni, dogo likaingia ndani ya kubwa, na kati yao tukaacha nafasi ya upana wa vidole vitatu hivi. Nafasi hiyo tuliijaza magazeti yaliyofinyangwafinyangwa. Ndani ya boksi dogo tukabandika karatasi ya foili kwa gundi ya unga wa ngano, chini tukaweka bati tulilolipaka rangi nyeusi ya ubao, na juu tukafunika kwa kioo cha dirisha la zamani, sentimita 50 kwa 50. Mwisho tukasimamisha kipande cha katoni chenye foili ukingoni mwa boksi ili kiongeze mwanga. Hicho tulikiita mbawa. Sufuria ilikuwa nyeusi, yenye kifuniko. Basi, ndilo jiko zima.

Mwezi wa Machi tulilijaribu. Tuliweka kipimajoto ndani ya boksi tupu, tukafunika kioo, tukaenda kula chamcha. Tuliporudi kilikuwa kinasoma digrii 112. Wacha turuke! Mmoja wetu alikimbia hadi chumba cha walimu kutangaza kwamba tumeshinda moto. Tangu siku hiyo namba 112 ndiyo ikawa hotuba yetu. Tuliiandika kwa wino mwekundu juu ya bango, herufi kubwa kuliko jina la shule.

Siku ya maonyesho ilipowadia, mama mmoja mzazi aliyekuwa amejifunga leso aliinama akatazama ndani ya kioo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii inaweza kuivisha muthokoi?"

Nami bila kumeza mate nikamjibu, "Ndiyo mama, inaivisha kila kitu. Ni digrii 112!"

Mwamuzi mmoja, mwalimu mzee wa fizikia kutoka shule jirani, hakusema neno. Alifungua kioo, akafunua sufuria yetu iliyokuwa na lita mbili za maji tangu saa nne asubuhi, akatumbukiza kipimajoto chake mwenyewe. Ilikuwa yapata saa saba. Kilisoma digrii 61.

"Kijana," akaniuliza kwa upole, "zile 112 zimekwenda wapi?"

Nilisema ati ni mawingu. Kweli mawingu yalikuwapo, Machakos ya Julai mnaijua. Lakini hilo halikuwa jibu, na yeye alijua hivyo. Tulipata nafasi ya pili, nadhani kwa sababu ya bango.

Sasa hebu niwajibu nyinyi ambao hamkupewa jibu. Boksi tupu halina kazi ya kufanya. Hewa iliyomo ndani ni nyepesi mno, na bati ni jembamba, kwa hivyo joto kidogo tu linatosha kuvipandisha juu sana. Ni sawa na kupima nguvu za punda asiyebeba mzigo. Ukiweka maji, mambo hubadilika, kwa maana maji hula joto jingi kabla hayajapanda hata digrii moja. Kilo moja ya maji hutaka takriban jouli 4,200 kwa kila digrii. Lita mbili kutoka digrii 20 hadi 80 ni 2 × 4,200 × 60, yaani jouli 504,000. Namba hiyo ndiyo deni ambalo jua linapaswa kulilipa kabla mama hajaona hata mvuke.

Na jua hulipa kwa kiasi gani? Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, kila mita mraba inayolikabili jua hupokea karibu wati 1,000. Kioo chetu ni robo ya mita mraba, basi tuseme wati 250. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kama zote 250 zingeingia majini, tungemaliza deni kwa dakika 34 hivi. Haziingii zote, na swali zuri la hotuba ni lile la mwamuzi: zimekwenda wapi?

Wiki iliyofuata, mwalimu wetu alituruhusu kurudia jaribio siku mbili ambazo jua lilitoka safi. Siku ya kwanza tuliliacha jiko vilevile lilivyokuwa siku ya maonyesho. Tulianza saa tano na robo, na maji yalifika digrii 80 baada ya saa mbili na dakika 20. Hizo ni sekunde 8,400. Gawanya 504,000 kwa 8,400, unapata wati 60. Kumbe kati ya wati 250 tulizojivunia, maji yalikuwa yakipata 60 tu!

Tukaanza kuwasaka wezi. Mwizi wa kwanza alituaibisha. Kitabu tulichokitumia kiliandikwa ng'ambo, na kilisema jiko lielekezwe kusini. Sisi tukalielekeza kusini, mbawa ikasimama upande wa kaskazini, karibu wima. Lakini ndugu msomaji, sisi tuko hapa chini kidogo tu ya ikweta! Mwezi wa Julai jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini, limeinama kama digrii 22 kutoka utosini. Mbawa yetu ilikuwa imelipa jua mgongo. Badala ya kuongeza mwanga, ilikuwa ikitupa kivuli cha sentimita 20 juu ya kioo cha sentimita 50. Sehemu mbili kati ya tano za jiko zilikuwa gizani, na sisi tumesimama hapohapo tukihutubu. Wati 100 zilipotea kwa kivuli peke yake.

Kwa nini hatukuona mwezi wa Machi? Kwa sababu mwezi wa Machi jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi wetu, na hivyo ukielekeza jiko kusini au kaskazini huoni tofauti kubwa. Septemba ni vivyo hivyo. Desemba jua huwa kusini, na hapo kitabu kingekuwa sahihi kwa bahati. Njia ya kujua haihitaji kitabu. Simika kijiti wima ardhini na utazame kivuli chake. Jua liko upande ulio kinyume na kivuli, na jiko hutazama huko. Halafu angalia foili ya mbawa: ukiona mng'ao wake unaangukia kioo, umepata, ukiona kivuli, umekosa. Baada ya kila nusu saa hivi unasogeza, maana jua halikungoji.

Mwizi wa pili ni kioo chenyewe, na huyu hatuna budi kuishi naye. Sehemu moja hivi kati ya kumi ya mwanga hugonga kioo na kurudi angani. Wati 15 kati ya 150 zilizobaki. Lakini huwezi kukiondoa, kwa sababu kioo ndicho mlango wa jiko. Mwanga hupita, hugonga bati jeusi na sufuria nyeusi, na hapo ndipo hugeuka kuwa joto. Nawaomba wahutubu wa kesho wasiseme "kioo kinaleta joto" kama nilivyosema mimi. Joto linazaliwa kwenye rangi nyeusi. Kazi kubwa ya kioo ni kuizuia hewa moto isipande ikaenda zake, na tena hairuhusu kirahisi mionzi ya joto inayotoka kwenye bati ipite kurudi nje. Ukitaka kumwonyesha mzazi, weka vipimajoto viwili juu ya bati mbili nyeusi, moja chini ya kioo na nyingine wazi penye upepo. Dakika kumi zinatosha, na hutahitaji maneno mengi.

Mwizi wa tatu tulimwona kwa macho bila kumtambua. Siku ya maonyesho kioo chetu kilikuwa na ukungu kwa ndani, matone madogo yakiteremka. Wazazi walifurahi, wakisema maji yanachemka. Mimi pia nikafurahi! Kumbe ukungu ule ulikuwa ni mvuke unaotoroka kwenye kifuniko cha sufuria kilichokaa vibaya. Kila tone lililokauka kutoka majini lilibeba joto, likalimwaga kwenye kioo baridi, kisha matone yenyewe yakatawanya mwanga uliokuwa ukija. Ni hasara juu ya hasara. Unyevu ule ule uliteremka hadi kwenye katoni, na tulipopasua boksi tukakuta magazeti ya upande mmoja yameloa chepechepe. Magazeti makavu huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyotulia kati ya mikunjo yake, kama blanketi, au kama kile kikapu cha nyumbani ambamo akina mama huweka sufuria iliyokwisha chemka ili chakula kimalizikie humo bila moto. Gazeti lililoloa si blanketi tena. Gusa boksi kwa nje: pakiwa na joto pahali pamoja tu, pale ndipo magazeti yameloa au yameshuka chini na kuacha pengo.

Siku ya pili tulirekebisha. Tulilielekeza jiko kaskazini, mbawa ikainamishwa hadi mng'ao wake ukafunika kioo chote. Kifuniko cha sufuria kilipata jiwe juu yake. Magazeti yalibadilishwa, na boksi likaanikwa tupu juani asubuhi yote likauke. Kitambaa kikazungushwa pale kioo kinapokutana na katoni. Maji yaleyale, lita mbili, yalifika digrii 80 kwa saa moja na dakika 24. Hizo ni sekunde 5,040, yaani wati 100. Hatukununua hata kitu kimoja.

Tuliendelea kungoja mpaka saa tisa alasiri. Maji yalifika 91, yakakaa hapo yakakataa kupanda. Maana kila jiko la namna hii lina dari yake: kadiri linavyopata moto ndivyo linavyovuja zaidi, mpaka kinachovuja kinalingana na kinachoingia. Na hata kama tungepata jiko bora, kwetu Machakos, kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, maji huchemka yakifika karibu digrii 95, si 100. Maji ya sufuria hayawezi kufika 112 juani, kwenye makaa wala kwenye gesi. Hilo bango letu, bwana, lilikuwa kichekesho cha fizikia.

Labda mtasema, haya ni mambo ya alama tu, yamepita. Mimi pia ningesema hivyo, lau si yule mama wa leso.

Alikwenda nyumbani akatengeneza jiko. Nilipata habari likizo ya Agosti, kwa kuwa anakaa si mbali na kwetu. Boksi lake, naapa, lilikuwa zuri kuliko letu. Aliweka maharagwe mekundu yaliyolowekwa usiku, pamoja na maji yake yaleyale, saa tatu asubuhi. Saa tisa yalikuwa yamelainika kiasi, wakala. Kabla ya saa kumi na mbili jioni watoto wake wawili walikuwa wanatapika, na yeye mwenyewe tumbo linamsokota. Walipona usiku huohuo, namshukuru Mungu. Aliponiona njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si ulisema inaivisha kila kitu?" Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia, naye akanieleza jambo ambalo lingepaswa kuwa juu ya bango letu. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili iitwayo lektini. Sumu hiyo huharibika maharagwe yakichemka barabara, kwa uchache dakika kumi za kutokota, na ni salama zaidi kutokosha hata nusu saa, hasa huku kwetu juu ambako maji huchemka chini ya 100. Lakini yakipikwa taratibu kwenye joto la digrii 70 au 80, yanaweza kulainika huku sumu ingalimo, na joto la vuguvugu namna hiyo linaweza hata kuizidisha makali. Kwa hivyo kule kulainika, ambako kila mpishi hukutumia kama ishara ya kuiva, hapa kunadanganya.

Dawa yake si kulitupa jiko. Loweka maharagwe usiku, mwaga maji hayo, tia maji mapya, yachemshe kwenye jiko la makaa au kuni kwa nusu saa yakitokota kwelikweli. Kisha yahamishie moja kwa moja, yangali moto, kwenye boksi la jua, yamalizie humo. Muthokoi wenye maharagwe ni hivyohivyo. Makaa yanayookolewa ni yale ya saa zile ndefu za baadaye, na hizo ndizo nyingi. Yule mama hupika hivyo sasa. Nilikwenda mwenyewe nikakaa naye siku moja, kipimajoto mkononi, nikaona githeri yake imetoka jikoni ikiwa 93, ikakaa juu ya 80 hadi saa tisa. Ilikuwa tamu, nami sikuondoka mpaka nilipopewa sahani ya pili.

Ugali je? Wazazi watatu walituuliza siku ile na tukawajibu ndiyo. Jibu ni hapana. Ugali unataka maji yatokotayo na mkono unaosonga, na kila ukifungua kioo umefukuza joto lote. Kama jibu ni hapana, mzazi aambiwe hapana.

Kuna kitu ambacho boksi letu linakiweza bila wasiwasi, nacho hatukukitaja hata kwa neno moja kwa kuwa hakikuonekana cha kishujaa. Ni maji ya kunywa. Vijidudu vya kuharisha havingoji maji yachemke ndipo vife. Maji yakifika digrii 65 na kukaa hapo dakika kadhaa, yanakuwa salama kwa upande wa vijidudu. Boksi linalofikisha lita mbili kwenye 80 kwa chini ya saa moja na nusu limeivuka alama hiyo kwa mbali. Tena si lazima uwe na kipimajoto: kuna kijibomba kidogo cha plastiki chenye nta ndani, ambayo huyeyuka kwenye joto hilo na kuteremka chini ya bomba. Ukikuta nta iko chini, ujue maji yalifika. Ila mzazi aambiwe pia kwamba jua haliondoi chumvi ya kisima wala kemikali yoyote. Maji ya chumvi yatatoka yakiwa ya chumvi, tena yamepata joto.

Mwamuzi mwingine alituuliza tumegundua nini kipya. Tulijiumauma. Tungemwambia ukweli: hatukugundua kitu. Bwana mmoja wa Geneva aliyeitwa de Saussure aliweka masanduku ya vioo juani mwaka 1767, akapima joto lake. Na mwaka 2009 jiko la katoni lililobuniwa hapahapa Kenya na Jon Bøhmer, Mnorwe aliyekuwa akiishi huku, lilishinda tuzo ya kimataifa likiwa na maboksi mawili, foili, rangi nyeusi na kifuniko cha plastiki angavu. Chetu sisi kilikuwa kile kivuli cha sentimita 20, na wati 60 zilizogeuka 100. Hayo tuliyapima sisi, juani, kwa saa yetu wenyewe, na hakuna aliyetupa. Hotuba ingeanzia hapo.

Nanyi walimu mnaoamua mashindano, nawaomba kwa heshima kubwa, mtu akiwaletea namba ya boksi tupu mwulizeni swali la yule mzee. Mwacheni pia asimame na sufuria yake kuanzia saa nne hadi saa tisa, wala msimpe dakika saba za kuzungumza halafu mkapita. Jiko hili haliwezi kujieleza kwa dakika saba.

Bango letu la zamani bado liko nyuma ya maabara. Mwaka huu wadogo zetu wa chama cha sayansi wameliomba walitumie, nami nimewapa. Nimefuta 112 kwa rangi nyeusi ileile ya ubao, na mahali pake nimeandika kwa chaki: "Lita 2, digrii 80, saa 1 dakika 24, Julai, jiko likitazama kaskazini. Maharagwe yachemshwe kwanza."

Wakilalamika kwamba maandishi ni marefu mno, waambieni waje waniulize.